Dawa ya koo ya mtoto

Baba: Naomba dawa ya koo, zile za kumung'unya.

Mfamasia: Ni zako?

Baba: Za mwanangu. Ana miaka 5.

Mfamasia: Basi hizo tuziache, zinaweza kumpalia. Ana kilo ngapi?

Baba: 18, juzi tu alipimwa.

Mfamasia: Koo limeanza lini? Ana homa?

Baba: Jana. Usiku alichemka kidogo.

Mfamasia: Anameza mate, au yanamtoka? Anapumua vizuri? Ana vipele?

Baba: Anameza kwa kulalamika. Anapumua sawa, vipele hana.

Mfamasia: Kuna dawa inayomdhuru? Na leo mmempa nini?

Baba: Hakuna. Mama yake alimpa hii ya mafua saa moja asubuhi.

Mfamasia: (anageuza chupa, anasoma) Afadhali umekuja nayo. Humu mna parasetamoli tayari. Iacheni. Chukua hii ya parasetamoli peke yake, miligramu 120 kwa mililita 5. Mpe mililita 10 kwa bomba hili, si kwa kijiko cha chai. Anza saa saba mchana, kisha kila baada ya saa 6 akiwa bado anaumwa. Zisizidi mara 4 kwa siku.

Baba: Na antibayotiki?

Mfamasia: Mpaka apimwe. Mara nyingi ni virusi tu. Homa ikifika siku ya tatu, mpeleke hospitali. Akishindwa kumeza maji au kupumua vizuri, usingoje hata saa moja.