Kioo kimesukumwa toka ndani

Hamisi yuko kidato cha pili, simu aliachiwa na kaka yake ikiwa tayari ina ufa, na hiyo wiki upande wa kushoto wa kioo ukagoma kabisa, yaani ukibonyeza herufi a hamna kitu, sasa jaribu kuandika Kiswahili bila a uone, mama yake akipata meseji "nimefik slm" anapiga fasta kuuliza mtoto kapatwa na nini.

Jumamosi akaenda kwa Mama Nasra, jirani yao hapo Mbagala anayetengeneza simu barazani kwake.

"Shikamoo Mama Nasra. Naomba unibadilishie kioo tu."

"Marahaba mwanangu. Hebu lete nione."

Ufa wala hakuuangalia. Aliilaza simu mezani akabonyeza kona, ikayumba.

"Unaona mgongo ulivyotuna? Hiki kioo kimesukumwa toka ndani. Nikikuwekea kipya leo nacho kitapasuka."

Akaipasha kwa bloa mpaka gundi ikalegea, akabandua mfuniko. Betri imevimba kama andazi! Akachomoa kwanza waya wa betri kwenye bodi, halafu akaanza kuing'oa taratibu kwa kadi ya plastiki.

"Si ungetumia bisibisi itoke haraka?"

"Nikiitoboa inaweza kuwaka hapa hapa. Humu kuna matabaka membamba yamekunjwa pamoja na maji ya kemikali, chaji inapita humo. Betri ikizeeka au ikipata joto sana yale maji yanaharibika yanatoa gesi, na gesi haina pa kutokea. Unalala nayo chini ya mto ikiwa kwenye chaji?"

"Ndiyo mama."

"Uache kuanzia leo."

Akapima betri mpya kwa mita, ikasoma 3.8, akamwambia ikijaa itafika volti 4.2. Kioo na betri vyote 45,000, nusu Hamisi kaja nayo, nusu mama yake ataleta mwisho wa mwezi, wanaaminiana.

Kile kioo cha zamani Mama Nasra akakiinua juani. "Humu kuna mistari inayopitisha umeme, myembamba huioni, mingine imelala mingine imesimama. Kidole chako nacho kinapitisha umeme, ukigusa, chaji ya pale inabadilika kidogo tu na simu inajua ni mistari ipi inakutana hapo. Ufa wako umekata ile ya kushoto, herufi a ikaenda nayo."

Kipya kikawaka. Akampa mfuniko wa kalamu wa plastiki agusie, hamna kitu. Kidole, ikafunguka. Hamisi akarudia tena, mfuniko, kidole, mfuniko, akabana macho.

"Na kijiko je?"

"Si hicho hapo kwenye kikombe, kifute ujaribu."

Akakifuta kwa shati, akakilaza mgongo wake kwenye kioo, ikafunguka!

"Kwa sababu chuma kinapitisha umeme, plastiki haipitishi, na umekishika wewe," Mama Nasra akasema, huku ashaanza kufungua simu ya mteja mwingine, "sogea hapa unishikie tochi."