Maoni yangu kuhusu ramani ya nyumba yako ya vyumba vitatu

Nimeikagua ramani yako. Shida kubwa iko mlangoni: mgeni akisimama kizingitini, anaona moja kwa moja hadi kitanda cha chumba kikuu. Usihamishe chumba. Sogeza mlango wake mita 1.2 hadi ndani ya korido, kisha jenga ukuta mfupi mbele ya sebule. Hapo hata mlango ukisahauliwa wazi, macho ya mgeni yanaishia ukutani.

Hewa nayo. Chumba cha pili kina madirisha mawili, lakini yote yako ukuta mmoja, kwa hiyo upepo utaingia kidogo na kukwama. Kipo kwenye kona. Hamishia dirisha moja ukuta wa pembeni. Chumba cha tatu hakina kona, basi weka matundu ya hewa juu ya mlango, ingawa sauti zitapenya kiasi.

Jiko liko mbali na meza ya chakula. Kila sahani ya moto itakatiza katikati ya watu wanaotazama televisheni! Badilishana nafasi ya stoo na meza.

Choo cha wageni kiache kilipo, kimekaa vizuri.