Chujio la mifupa hudumu ndoo ngapi? Muhtasari wa jaribio la maji kwa wananchi wa kitongoji

Muhtasari huu ni kwa ajili ya kaya 24 zilizotupokea majumbani mwao kwa wiki 20, kamati ya maji, na yeyote anayekunywa maji ya bomba lile lile. Ripoti yenye majedwali ipo ofisi ya kijiji. Hapa tumeandika kile mlichotuuliza kila tulipokuja na chupa zetu: je, chujio linafanya kazi ya kupunguza madini ya floraidi kwenye maji?

Linafanya kazi, ila koki ikifunguliwa maji yatoke polepole. Mkaa wa mifupa ukipitishwa maji taratibu ulitoa maji salama kwa ndoo 98 kwa wastani, kisha ukachoka. Koki ilipoachwa wazi, mkaa ule ule haukufika hata nusu ya hapo. Na ukishachoka hautoi dalili yoyote: maji hayabadiliki rangi, harufu wala ladha.

Tatizo lenyewe

Maji yenu yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Yanapopita humo huyeyusha madini ya floraidi. Kidogo chake hakina neno, hata dawa za meno huwekwa. Yakizidi, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka kama minane, atayaota yakiwa na madoa ya kahawia. Yakizidi sana kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa, na hapo ndipo mnapoona miguu iliyopinda na migongo iliyokakamaa.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika kila lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na sasa kiwango chake nacho ni 1.5. Maji ya bomba lenu tuliyapima kila wiki, na wastani wake ulikuwa 6.2.

Miligramu 6.2 ni kiasi gani? Chukua kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500, kikate vipande vinne, tumbukiza kipande kimoja kwenye ndoo ya lita 20, koroga. Dawa iliyoyeyuka humo ni sawa na floraidi iliyomo katika ndoo yenu moja ya maji. Haionekani kwa macho. Tunalisisitiza hili kwa sababu wengi mlituambia mnaogopa zaidi maji yenye rangi. Mto wa Maji ya Chai umepata jina kwa rangi yake, sawa, lakini floraidi haina rangi: maji meupe kabisa yanaweza kuwa nayo nyingi kuliko yale.

Kuchemsha hakuiondoi. Kunaizidisha kidogo, kwa sababu maji yanapungua kwa mvuke na madini yanabaki sufuriani. Dawa ya klorini nayo haiigusi.

Tulichofanya

Mkaa wa mifupa si jambo jipya ukanda huu. Serikali ina kituo chake cha kuchunguza uondoaji wa floraidi pale Ngurdoto. Mifupa huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, husagwa iwe chembe kama za mchele uliovunjika, kisha huoshwa. Floraidi ikipita hunaswa kwenye chembe hizo. Mzee mmoja alituuliza mbele ya mkutano kama kuna mfupa wa nguruwe. Hakuna. Yote ni mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, na tulimwonyesha gunia kabla halijaingia tanuruni.

Kila chujio lilikuwa ndoo mbili zilizopandishwa: ya juu ina lita 10 za mkaa, ya chini ya kupokea, katikati koki. Tulizigawa kaya kwa kura katika makundi matatu ya kaya 8. Kundi la kwanza tulilifundisha kufungua koki kidogo, jagi la lita moja lijae kwa dakika nne au zaidi. Kundi la pili lilipewa chujio lile lile, likaambiwa litumie litakavyo. Kundi la tatu liliendelea na maji yake ya kawaida, ili tukiona mabadiliko tujue yametokana na chujio, si bomba lenyewe kubadilika. Kaya moja ya kundi hilo ilihama wiki ya 5, kwa hiyo hesabu zake ni za kaya 7.

Kwa nini kura? Kwa sababu tungewaachia watu wachague, wenye subira wangechagua koki ya polepole, na tusingejua kilichosaidia ni koki au ni uangalifu wao.

Tulihitaji kujua kila kaya imechuja ndoo ngapi. Tuligawa fomu na kalamu. Hadi wiki ya 3 kalamu nyingi zilikuwa zimeenda shule na watoto, na fomu kadhaa zilijazwa siku saba kwa mkupuo mmoja, dakika chache kabla hatujabisha hodi. Wakati huo mama mmoja wa kundi la kwanza alikuwa na hesabu yake: kila akimimina ndoo anavuta mstari wa mkaa wa kuni kwenye ukuta wa jiko, na wa tano anaukatisha juu ya minne. Tuliulinganisha ukuta wake na maji tuliyopima, vikaendana. Fomu tukaziacha. Kuanzia wiki ya 4 kaya zote za kundi la kwanza na la pili zilihesabu ukutani, na hesabu za wiki tatu za mwanzo tulizipata kwa kukadiria. Kama kuna kosa kubwa katika kazi hii, liko hapo.

Tulichokuta

Katika kundi la tatu floraidi haikubadilika: 6.2 mwanzo, 6.2 mwisho.

Kundi la koki ya polepole lilikunywa maji yenye chini ya 0.5 kwa wiki nane za mwanzo. Kisha floraidi ikaanza kupanda kidogo kidogo, na kwa wastani ikavuka 1.5 wiki ya 14. Lakini wiki hapa zinadanganya. Kaya ya watu tisa, inayochuja ndoo moja na nusu kwa siku, mkaa wake ulichoka wiki ya 9. Bibi anayeishi na wajukuu wawili alifika wiki ya 18. Ukizihesabu ndoo badala ya wiki, tofauti inakaribia kuisha: kaya zote nane zilivuka mpaka kati ya ndoo ya 91 na ya 106. Mkaa haujui kalenda, unahesabu maji.

Kundi la pili ndilo lililotufundisha zaidi. Chujio ni lile lile, gunia la mkaa ni lile lile. Kaya mbili hazikupata maji ya chini ya 1.5 hata siku ya kwanza. Sita zilizobaki zilivuka mpaka kwa wastani wa ndoo ya 40, moja ikivuka mapema kama ndoo ya 22. Tulipokaa jikoni kutazama tuliona sababu. Jioni, ugali uko motoni na watoto wana kiu, koki inafunguliwa yote. Jagi linajaa kabla hujahesabu hadi ishirini. Floraidi inahitaji muda wa kugusana na mkaa. Maji yakikimbia, inapita nayo.

Hatuwalaumu. Ni sisi tuliowaambia watumie watakavyo, na nani ana dakika nne za kusubiri jagi saa moja usiku? Kaya za kundi la kwanza zilizofaulu hazikusubiri: zilimimina ndoo usiku wakati wa kulala, zikafungua koki kidogo tu, asubuhi zikakuta ndoo ya chini imejaa.

Magadi

Hili halikuwa kwenye mpango. Wiki ya 11 mama wa kundi la kwanza alituuliza kama maji aliyochuja yanabaki salama akitia magadi kwenye maharage. Tukanunua magadi kwa wauzaji watatu wa gulioni, tukatia nusu kijiko cha chai katika lita mbili za maji yaliyochujwa, yenye floraidi 0.4, tukapima. Magadi ya kwanza yalipandisha hadi 0.7. Ya pili, 1.9. Ya tatu, 3.1. Yote yalifanana kwa macho. Yaani unaweza kusubiri maji usiku kucha, halafu mchana ukairudisha floraidi chunguni kwa mkono wako. Sampuli tatu ni chache mno kusema magadi ya nani ni mabaya, kwa hiyo hatutaji muuzaji. Kuloweka maharage usiku kunapunguza haja ya magadi, na kwa chungu cha watoto tungeyaacha kabisa.

Ambayo jaribio hili halisemi

Hatukupima meno wala mifupa ya mtu yeyote. Meno yaliyokwisha kuwa ya kahawia hayatarudi kuwa meupe kwa sababu ya chujio. Faida ni ya mdogo wa mwenye meno hayo, ambaye meno yake bado hayajaota.

Mkaa huu hauui vijidudu. Wiki ya 10 tulipima machujio yote 16, na matatu yalikuwa na bakteria wa kinyesi kwenye ndoo ya chini, pengine kutokana na vikombe vinavyotumbukizwa humo. Chuja kwanza, kisha chemsha.

Jaribio lilifanyika kwa maji ya 6.2. Jamaa zenu wa vitongoji vingine wenye maji yenye floraidi nyingi zaidi wasichukue namba ya ndoo 98. Kwao mkaa utachoka mapema.

Kuanzia sasa

Ndoo tano za kwanza baada ya kubadilisha mkaa mwagieni bustani, kwa sababu zina harufu; kaya kadhaa zilikaribia kuyaacha machujio yao kwa ajili hiyo tu. Ukuta ukifika mistari 80, leteni taarifa kwa katibu wa kamati ya maji. Tumechagua 80 badala ya 98 ili hata mkaa dhaifu zaidi tuliouona katika kundi la polepole, ule wa ndoo 91, uwe bado haujavuka. Kaya 7 za kundi la tatu zimeshapewa machujio yao wiki iliyopita, pamoja na kipande cha mkaa wa kuni cha kuhesabia.

Bei ya kubadilisha mkaa, na nani ailipe, haijaamuliwa. Imewekwa kwenye ajenda ya mkutano ujao wa kijiji, na mmoja wetu atakuwepo na kipimo, kwa yeyote atakayekuja na chupa ya maji ya kwake.