Mguu wa Kulia

Filamu fupi ya dakika 12, sehemu tatu

WAHUSIKA: Mzee ODHIAMBO, dereva, miaka 60. CHERONO, dereva, miaka 29, atakabidhiwa basi kesho. WAFULA, kondakta. MAMA mwenye mtoto mchanga. Abiria.

SEHEMU YA KWANZA (dakika 3)

NJE. STEJI YA MABASI, KISUMU – ALFAJIRI

Odhiambo anazunguka basi akigonga kila tairi kwa rungu, sikio ameliinamisha. Za nyuma kushoto anazigonga mara mbili. Cherono yuko nyuma yake.

CHERONO: Mzee, si geji iko?

ODHIAMBO: Iko. Lakini hizi mbili zikikaa pamoja, ya ndani ikiisha upepo ya nje inaificha. Sikiliza.

Anampa rungu. Cherono anagonga.

NDANI. BASI – ALFAJIRI

Odhiambo peke yake. Anashusha kikinga jua, karatasi inamwangukia mapajani. Tunaona mchoro wa jicho na maneno mawili ya kalamu: "Asiendeshe tena." Anaikunja, anairudisha.

(Karatasi ionekane hapa hapa. Tukiificha hadi mlimani tutapata mshtuko wa sekunde moja, nami nataka mtazamaji aogope pamoja na mzee tangu Ahero.)

Abiria wamejaa.

WAFULA: Wapendwa, leo dere wetu anafunga kazi. Miaka 31 barabarani, hajaangusha gari hata siku moja!

Makofi. Odhiambo anawasha injini bila kugeuka.

SEHEMU YA PILI (dakika 7)

NJE. BARABARANI – ASUBUHI

Mashamba ya mpunga Ahero. Awasi. Majani chai ya Kericho, bado yana umande. Sekunde 40 zatosha, bila maneno.

NDANI. BASI, MAU SUMMIT – MCHANA

Ukungu. Odhiambo ameukaribia usukani mpaka kifua kinaugusa. Cherono, kwenye kiti cha pembeni, anaona hilo lakini hasemi. Basi linaanza kushuka. Odhiambo anazima redio.

CHERONO: Mbona umezima?

ODHIAMBO: Sachangwan hii. Lile lori la mafuta, Januari 2009. Zaidi ya watu mia moja. Nikipita hapa redio hainyamazi yenyewe, naizima mimi.

Kimya. Anapunguza gia.

ODHIAMBO: Mteremko huu usikalie breki. Zikipata moto zinakuacha. Shika gia ya chini kutoka juu, injini ikuzuie.

Kwa macho ya Odhiambo: weupe mtupu.

Kwa macho ya Cherono: lori limeharibika, halina taa, limeziba njia nzima.

CHERONO: Baba, lori!

Mguu wa kulia wa Odhiambo unakanyaga. Upepo wa breki unapiga kelele. Mizigo inaanguka. Basi linasimama hatua tatu nyuma ya lori.

Kimya. Kisha mtu mmoja anapiga makofi, na basi zima linamfuata.

ABIRIA: Huyo ndiye dereva! Ungekuwa ni mtoto wa juzi tungekufa!

Cherono anatazama mbele. Odhiambo anasikiliza makofi hadi yaishe. (Tusiyafupishe. Filamu yote iko ndani ya makofi haya, kwa sababu ni yeye tu na Cherono wanaojua ni ya uongo.) Anashusha kikinga jua, anampa Cherono karatasi.

ODHIAMBO: Mimi sikuliona.

Cherono anasoma.

CHERONO: Nakuru si mbali, mzee. Maliza safari yako. Nitakuwa nakwambia kilicho mbele.

ODHIAMBO: Huko nyuma kuna mtoto mchanga. Njoo hapa.

Anainuka. Wenzo wa kiti umeshika kutu, maana miaka mingi hakuna aliyeusogeza. Anauvuta kwa mikono miwili mpaka kiti kinakwaruza mbele, kimfikie Cherono.

WAFULA: Dere, kuna nini?

ODHIAMBO: Safari yangu imefika.

SEHEMU YA TATU (dakika 2)

NDANI. BASI, BAADA YA SALGAA – MCHANA

Odhiambo amekaa kando ya Mama. Abiria wanamwangalia, kisha wanaangalia madirishani. Ukungu umeisha.

KARIBU: kiatu chake cha kulia, soli imelika upande mmoja. Kila Cherono akifunga breki, kiatu kinakanyaga sakafu.

Kona. Kiatu kinakanyaga mapema. Breki haijaguswa, tunasikia gia ikishuka na injini ikilizuia basi. Kiatu kinabaki kimekanyaga hewa. Kinaachia.

NDANI. BASI, NAKURU – MCHANA

WAFULA: Nakuru! Nakuru mwisho!

MAMA: Baba, nishikie mtoto nitoe mkoba pale juu.

Odhiambo anampokea, kiganja chini ya kichwa. Mtoto anamshika kidole. Nje, steji inakaribia. Tunasikia breki.

KARIBU: kiatu kimetulia sakafuni.

GIZA.