Likizo za Sikukuu ya Idd el Fitri na zamu za kituo

Assalaam alaykum wafanyakazi wenzangu wa kituo cha afya, Wete.

Likizo inaanza tarehe 29 Ramadhani jioni na inakwisha baada ya siku nne za sikukuu. Mwezi ukiandama au usiandame, zamu hizi hazibadiliki.

Bi Mwanaisha anakwenda kwao Unguja. Wodi ya wazazi inabaki kwa Bi Salma, usiku na mchana, na Bi Time atampokea sikukuu ya pili ili naye akale pilau na wanawe. Ally wa maabara yumo likizoni. Vipimo vya malaria na sukari atafanya Bi Salma, vyengine vinasubiri.

Linalonikosesha usingizi ni friji la chanjo. Joto lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kupita 8, na umeme wetu mnaujua. Mzee Khamis, mlinzi, atasoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Umeme ukikatika, asifungue mlango wa friji, anipigie papo hapo. Mimi nipo Limbani, sisafiri.

Simu ya zamu anakaa nayo aliyepo wodini. Nambari yake imebandikwa mlangoni na kwa sheha. Haizimwi, hata usiku. Kesi ya kupelekwa Chake Chake, mpigieni kwanza Makame wa gari, kisha mimi.

Ufunguo wa stoo ya dawa uko kwa Bi Salma.

Idi njema.
Msimamizi wa kituo