Kutunza vidonge vya kemotherapi na majimaji ya mwili nyumbani: maelezo kwa familia na walezi

Mgonjwa wenu ameandikiwa vidonge vya kapesitabini, ambavyo atameza asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa siku 14 mfululizo, kisha atapumzika siku 7 kabla ya kuanza mzunguko mwingine. Kuwa kidonge hakumaanishi kuwa dawa hii ni nyepesi kuliko ile ya dripu: nayo hushambulia seli zinazogawanyika upesi, na vumbi lake likigusa ngozi au kuvutwa puani linaweza kumdhuru hata asiyeumwa.

Kwa hiyo vidonge vimezwe vizima kwa maji, bila kukatwa, kusagwa wala kutafunwa. Akishindwa kumeza, mpigieni mfamasia kabla ya kujaribu njia nyingine yoyote. Inafaa zaidi mgonjwa avishike mwenyewe. Mlezi anayempa avae glavu, au amimine kidonge kwenye kifuniko cha chupa na kumkabidhi bila kukigusa, kisha anawe mikono kwa sabuni, hata kama alivaa glavu. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasishike kabisa dawa hizi. Zibaki kwenye chupa yake, mahali pakavu pasipofikiwa na mtoto, mbali na vyakula. Akisahau dozi au akitapika baada ya kumeza, asirudie wala kuongeza dozi inayofuata.

Mabaki ya dawa hutoka mwilini kwa mkojo, kinyesi na matapishi, kwa hiyo tahadhari zifuatwe siku zote za kumeza vidonge na saa 48 baada ya dozi ya mwisho. Mgonjwa, hata mwanamume, akojoe akiwa ameketi ili mkojo usiruke. Afunike choo kabla ya kuvuta maji, na avute mara mbili. Anayemwaga beseni la matapishi au kubadilisha nepi avae glavu, amwage taratibu karibu na maji ya choo, kisha aoshe beseni kwa sabuni na maji mengi. Shuka iliyochafuka isikung'utwe. Ifuliwe peke yake mara mbili, na ikiwa haifuliwi papo hapo ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki.

Majimaji hayo yakigusa ngozi, osheni kwa sabuni na maji. Yakiingia jichoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwoneni daktari. Wenzi watumie kondomu.

Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa: kumkumbatia, kula naye meza moja na kukaa naye chumba kimoja ni salama, na vyombo vyake vikioshwa kama kawaida vinatosha.

Vidonge vilivyobaki au vilivyoisha muda virudishwe kwa mfamasia aliyevitoa, visitupwe chooni wala kwenye takataka. Mgonjwa akipata homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, au akiharisha mara nyingi kupita kawaida yake, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo, hata usiku, bila kusubiri miadi.