Mzunguko wa nasaba na Idhini ya Mbingu katika China ya kifalme

Swali: Nini maana ya mzunguko wa nasaba na Idhini ya Mbingu, na mambo hayo mawili yanahusianaje katika historia ya China ya kifalme? Fafanua kwa mifano.

Jibu:

Wanafunzi wengi huandika kana kwamba hivi ni kitu kimoja chenye majina mawili. Sivyo. Mzunguko wa nasaba ni maelezo ya mambo yalivyokwenda: ukoo mmoja unatwaa kiti kwa vita, unaijenga nchi, unastawi, unalegea, unaangushwa, kisha ukoo mwingine unaanza safari ile ile. Idhini ya Mbingu ni hoja ya uhalali. Inajibu nani ana haki ya kutawala, na inajibu pia kwa nini haki hiyo humtoka mtu. Mzunguko unasimulia anguko, Idhini inaeleza kwa nini lilistahili. Ukishika tofauti hiyo, mengine yote yanafuata kwa urahisi.

Hoja ya Idhini ilizaliwa na tatizo la kisiasa. Mnamo mwaka 1046 KK, kwa tarehe inayokubaliwa na wengi, watu wa Zhou kutoka magharibi waliishinda nasaba ya Shang katika vita vya Muye. Wazhou walikuwa chini ya Shang kabla ya hapo, kwa hiyo machoni pa wengi walikuwa waasi tu. Iliwabidi waeleze kwa nini uasi wao ulikuwa wa haki. Wakasema hivi: Mbingu humpa utawala mtu mwadilifu, mfalme wa mwisho wa Shang aliharibu adili yake, Mbingu ikamnyang'anya na kuwapa wafalme wa Zhou. Hoja hiyo tunaisoma hadi leo kwenye chungu cha shaba nyeusi chenye miguu mitatu kiitwacho Da Yu ding, kilichopo Makumbusho ya Taifa, Beijing. Kimo chake ni karibu mita moja, na ndani yake yamechorwa maneno ya Mfalme Kang wa Zhou akimpa ofisa wake Yu cheo na wosia. Anamkumbusha kwamba Mfalme Wen wa Zhou alipokea idhini kutoka Mbinguni, na kwamba Shang waliipoteza kwa sababu wakuu wao walizama katika pombe. Ni mtawala anamwambia mtumishi wake wazi kuwa hata sisi tunaweza kuondolewa.

Hapo ndipo uzito wa fikra hii ulipo. Mfalme aliitwa Mwana wa Mbingu, lakini uana huo ulikuwa na masharti. Damu peke yake haikutosha. Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 KK, aliulizwa na mfalme wa Qi kama ni halali mtumishi kumuua mfalme wake, kama ilivyotokea kwa mfalme wa mwisho wa Shang. Akajibu kwamba anayevunja utu na haki si mfalme tena, ni mtu wa kawaida tu. Yeye amesikia habari za kuuawa kwa mtu huyo, hajasikia habari za kuuawa kwa mfalme. Mengzi pia alinukuu kauli ya kale kwamba Mbingu huona kwa macho ya watu na husikia kwa masikio ya watu. Maana yake, njaa na manung'uniko ya wakulima ni ushahidi dhidi ya ikulu.

Ushahidi mwingine ulisomwa katika maumbile: mafuriko, ukame, matetemeko ya ardhi, nzige, kupatwa kwa jua. Wakati wa nasaba ya Han, msomi Dong Zhongshu aliyapanga mawazo haya kuwa nadharia kamili ya maonyo ya Mbingu. Hata kabla yake, jua lilipopatwa mwaka 178 KK, Mfalme Wen wa Han alitoa tangazo la kujilaumu mwenyewe na kuwataka viongozi wamwonyeshe makosa yake. Matangazo ya namna hiyo yaliendelea kutolewa na wafalme kwa karne nyingi.

Sasa tuje kwenye mzunguko wenyewe, maana hapa ndipo majibu mengi hukwama kwenye "mfalme alikuwa mbaya". Ubaya wa mfalme ni sehemu ndogo. Kiini ni ardhi, kodi na maji. Nasaba mpya huingia baada ya vita vilivyoua watu wengi. Mashamba yako wazi, wakulima wanagawiwa ardhi, kodi ni nyepesi, matuta ya mito yanakarabatiwa, hazina inajaa. Amani inaleta watoto, na baada ya vizazi kadhaa ardhi haitoshi. Wakati huo huo, familia za maofisa na matajiri zinakusanya mashamba na kupata njia za kukwepa kodi. Mzigo unabaki kwa mkulima mdogo, anakopa, anauza shamba, anageuka mpangaji au mhamaji. Kila anayeondoka kwenye daftari la kodi anawaongezea mzigo waliobaki. Hazina inakauka, askari hawalipwi, matuta yanaachwa. Ikuluni, matowashi na ndugu wa malkia wanapigania mfalme mtoto. Ukame ukija wakati huo, ghala za akiba hazina nafaka. Ukame kama huo ungekuja miaka mia moja kabla, serikali ingeumudu.

Mfano unaoonyesha hili vizuri kuliko yote ni anguko la Yuan, utawala wa Wamongolia. Mwaka 1344 Mto Huang He ulibomoa kingo zake, na miaka hiyo hiyo njaa na maradhi viliikumba mikoa ya jirani. Mvulana mmoja wa familia ya wakulima maskini, Zhu Yuanzhang, alipoteza wazazi wake mwaka huo, akakimbilia hekalu la Kibuddha, kisha akatembea akiomba chakula. Serikali ilichelewa. Mwaka 1351 ndipo ilipowakusanya kwa nguvu wakulima wapatao 150,000 kuurudisha mto kwenye njia yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya lazima na ilifanikiwa kihandisi. Lakini kuwaweka mahali pamoja watu wengi wenye njaa na hasira kuliwapa wapinzani jeshi. Waasi walifukia sanamu ya jiwe yenye jicho moja palipopangwa kuchimbwa, huku wakieneza wimbo uliotabiri kuwa sanamu hiyo ikionekana nchi itainuka. Ikachimbuliwa. Uasi wa Vilemba Vyekundu ukalipuka, Zhu akajiunga mwaka 1352, na mwaka 1368 akajitangaza mfalme wa kwanza wa Ming huko Nanjing. Angalia jinsi sababu za ardhini na ishara ya Mbingu zilivyofanya kazi pamoja: mto na njaa viliwaleta watu, sanamu ikawaambia kwamba wana haki.

Zhu hakuwa wa kwanza kutoka chini. Liu Bang, mwanzilishi wa Han, alikuwa ofisa mdogo wa kijijini aliyewaachia wafungwa waliokuwa chini ya ulinzi wake, kwa kuwa wengi walikuwa wameshatoroka njiani. Uasi uliomfungulia njia ulianzishwa mwaka 209 KK na Chen Sheng na Wu Guang. Kwa mujibu wa mwanahistoria Sima Qian, mvua iliwachelewesha wakiwa njiani kwenda kulinda mpaka, na sheria ya Qin, nasaba iliyotangulia Han, ilitoza kifo kwa kuchelewa, wakaona heri kufa wakipigana. Katika mfumo uliotegemea damu tupu watu hawa wasingekuwa na la kusema. Katika mfumo wa Idhini, ushindi wao ulikuwa uthibitisho.

Na mtu aliyenyakua kiti bila njaa wala mafuriko alitafuta ishara za kumtetea. Mfano huu una upwa wetu ndani yake. Yongle wa Ming alimpindua mpwa wake mwaka 1402, na doa hilo halikumtoka kirahisi. Mwaka 1414 twiga aliletwa kwake kutoka Bengala, na mwaka 1415 akaletwa mwingine kutoka Malindi. Wasomi wa ikulu walisema mnyama huyo ni qilin, kiumbe anayejitokeza tu nchi inapotawaliwa na mwadilifu. Wakamtungia mashairi na kumchora. Twiga wa Malindi akawa shahidi kwamba Mbingu imemkubali Yongle.

Ming yenyewe ilianguka kwa njia ile ile iliyoinuka nayo. Ukame mkali uliukumba mkoa wa Shaanxi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1620, serikali ikiwa inapandisha kodi kugharimia vita dhidi ya Wamanchu, watu wa kaskazini mashariki. Ili kubana matumizi ilipunguza vituo vya tarishi, na mmoja wa waliokosa kazi alikuwa Li Zicheng. Mwaka 1644 aliingia Beijing akiongoza jeshi la wenye njaa. Mfalme Chongzhen, ambaye alikuwa ameshatoa matangazo ya kujilaumu zaidi ya mara moja, alijinyonga kwenye kilima cha Jingshan nyuma ya ikulu. Li hakudumu. Ndani ya wiki chache Wamanchu waliingia wakidai wamekuja kumlipizia kisasi mfalme wa Ming, na kwamba Idhini sasa ni ya nasaba ya Qing. Kwamba wageni waliweza kutumia hoja hii, na ikakubalika polepole, kunaonyesha ilivyokuwa pana.

Jibu zuri lazima lionyeshe pia udhaifu wa nadharia. Kwanza, Idhini ilithibitishwa baada ya tukio: aliyeshinda alikuwa nayo, aliyeshindwa akabaki jambazi, hata kama manung'uniko yao yalikuwa yale yale. Pili, kila nasaba iliandika historia rasmi ya iliyotangulia. Historia ya Ming ilikamilishwa chini ya Qing mwaka 1739. Ndiyo maana wafalme wa mwisho karibu wote wanaonekana walevi, wakatili au dhaifu, na waanzilishi wanaonekana mashujaa. Mzunguko kwa sehemu ni mpangilio wa waandishi. Tatu, kati ya mwaka 220 na 589 China ilikuwa imegawanyika kwa muda mwingi, na wakati wa nasaba ya Song kulikuwa na mfalme mwingine wa nasaba ya Liao kaskazini anayejiita Mwana wa Mbingu, ilhali nadharia inataka Mwana wa Mbingu mmoja tu. Nne, na hili kwangu ndilo kubwa, picha ya gurudumu inaficha mabadiliko. China ya Song yenye vitabu vya kuchapwa, noti za karatasi na miji mikubwa ya biashara haikuwa China ya Han iliyorudi.

Hoja hii iliishi hadi mwisho kabisa. Tarehe 12 Februari 1912, Malkia Longyu alipotoa tangazo la kujiuzulu kwa niaba ya mfalme mtoto Puyi wa Qing, tangazo lilisema kwamba mioyo ya watu imeelekea jamhuri, na kwa hilo Idhini ya Mbingu inajulikana. Yuan Shikai, rais wa jamhuri hiyo, alijaribu kurudisha ufalme, yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti, mwishoni mwa mwaka 1915. Mkoa wa Yunnan ukaasi mwezi huo huo, na kufikia Machi 1916 alikuwa ameufuta ufalme wake.